Hisa zipi zinatangulia uchumi ukinyanyuka na zipi zinahimili ukipoa: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu kila mtu anapima uchumi kwa korosho. Mnada wa Oktoba ukifunguka vizuri utaona bodaboda mpya zinajaa barabarani, mabati yanapandishwa Tandahimba na Newala, na ndo muda huohuo watu wanaanza kuulizia habari za hisa. Bei ikibuma hamna anayeuliza kitu. Hilo ndo linalotuumiza, kwa sababu msimu wetu na mzunguko wa uchumi wa nchi ni vitu viwili tofauti kabisa na mara nyingine vinaenda kinyume.

Angalia mfano huu. Msimu wa 2017/18 korosho zilivuka tani laki 3 na bei mnadani zikafika maeneo ya Sh 4,000 kwa kilo, kusini hela ilikuwa nje nje. Mwaka huohuo wa 2017 benki za nchi hii zilikuwa kwenye hali mbaya, mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama, imepita asilimia 10 ya mikopo yote, na Januari 2018 Benki Kuu ikafunga benki 5 ndogo kwa mpigo. Halafu ikaja Novemba 2018, bei mnadani zikagoma kupanda, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo, watu wakakaa miezi wakisubiri malipo. Kusini tulikuwa tumenuna, lakini benki zilikuwa zimeshaanza kupona. Kwa hiyo mtu wa Masasi aliyenunua hisa za benki kwa sababu msimu ulikuwa mtamu aliingia wakati mambo bado mabovu, na yule aliyesema uchumi umekufa kwa sababu ya 2018 akakosa kipindi kizuri kuliko vyote vya miaka kumi.

Kwa hiyo naandika hii hatua kwa hatua, nikikaa zaidi kwenye benki kwa sababu kwenye soko letu la Dar es Salaam mzunguko wa uchumi unaonekana wazi zaidi kwenye mikopo kuliko sehemu nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Elewa kinachozunguka ni nini

Uchumi haukui kwa mwendo mmoja. Kuna kipindi watu wanakopa, wanajenga, wanafungua maduka, benki zinagawa mikopo mpaka kwa watu wasioweza kulipa. Baadaye marejesho yanaanza kusuasua, benki zinabana, mwenye duka hapati hela ya kuongeza mzigo, fundi anakosa kazi, na hapo uchumi unapoa. Ukipoa vya kutosha Benki Kuu inashusha riba, madeni mabaya yanasafishwa, mikopo inarudi taratibu, uchumi unanyanyuka tena. Tanzania huwa hatuoni uchumi ukisinyaa kama Marekani au Ulaya, hata 2020 na korona yote bado ulikua, ila kasi ilishuka kutoka karibu asilimia 7 mwaka 2019 mpaka chini ya 5. Kwa mwenye hisa kushuka kwa kasi kunatosha kuumiza, maana faida za kampuni zinayumba kuliko uchumi wenyewe.

Sasa kila biashara inaguswa tofauti. Mtu akibanwa anaahirisha kujenga, anaahirisha gari, anaahirisha mkopo, lakini vocha atanunua, sigara mvutaji atavuta. Kuhama sekta maana yake ni kusogeza hela yako kwenda kwenye hisa za vile vinavyoahirishwa pale uchumi unapokaribia kunyanyuka, na kuirudisha kwenye vile visivyoahirishika pale unapokaribia kupoa.

Marekani ndo kuna kumbukumbu nzuri zaidi. Mwaka 2008 kampuni 500 kubwa za soko lao zilipoteza kama asilimia 37 kwa ujumla wake, za fedha zikapoteza zaidi ya nusu, ila za vyakula na vitu vya nyumbani zikapoteza kama asilimia 15 tu. Mwaka 2009 soko lilipogeuka, za teknolojia zikapanda zaidi ya asilimia 60, za malighafi karibu nusu, na zile za umeme na maji zilizopoteza kidogo kuliko soko mwaka uliotangulia zikaambulia kama 12. Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, kwenye kupoa "kuongoza" maana yake ni kupoteza kidogo kuliko wengine, usitegemee hisa ya sigara ikutajirishe uchumi ukiyumba. Pili, soko lao liligusa chini Machi 2009 wakati uchumi wenyewe ulikuja kutangazwa kwamba uliacha kusinyaa Juni 2009, yaani bei zilitangulia kwa miezi. Weka hilo la pili akilini kwa sababu kwetu mambo yalikwenda kinyume, nitalifikia.

Hatua ya 2: Panga hisa za soko letu kwenye mafungu

Vitabu vya nje vinakupa sekta 11. Soko letu dogo, usihangaike nazo, mafungu matatu yanatosha.

Fungu la kwanza ni yanayoumia na kupona na mikopo: CRDB, NMB, na benki ndogo kama DCB. Hizi ndo za kunyanyuka. Fungu la pili ni ujenzi, yaani saruji, Twiga na Simba ya Tanga. Nazo ni za kunyanyuka kwenye vitabu, ila kwetu zina tabia yake nitaieleza. Fungu la tatu ni vya matumizi ya kila siku: bia ya TBL, sigara za TCC, na simu za Vodacom. Hizi ndo za kujikinga, japo bia siyo kinga kamili, mtu akibanwa sana anahamia pombe ya bei rahisi, na serikali ikiongeza ushuru kwenye bajeti ya Juni faida inaliwa hata kama uchumi uko vizuri.

Watu wa kusini huwa wananiuliza, na gesi je? Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo inakwenda kuzalisha umeme, biashara tulivu, ingekuwa kinga nzuri. Lakini Maurel & Prom wanaoendesha Mnazi Bay hisa zao ziko soko la Paris, na kampuni ya Songo Songo iliuza hisa zake Kanada. Dangote nayo kiwanda kiko hapa Mtwara lakini hisa zinauzwa Lagos. Yaani vitu vikubwa tunavyoviona kwa macho kila siku huvipati kwenye soko la Dar, huo ndo ukweli wa soko letu.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma saa

Saa yenyewe ina mishale mitatu na yote inapatikana bure. Nenda kwenye tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz, tafuta ripoti inayoitwa Monthly Economic Review, inatoka kila mwezi. Kurasa ni nyingi, wewe tafuta vitu vitatu tu.

Wa kwanza ni ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Huu ndo mshale mkubwa. Mwaka 2017 ulishuka mpaka chini ya asilimia 2, maana yake benki zilikuwa karibu hazikopeshi kitu kipya. Mwaka 2022 ulikuwa umepita asilimia 20. Ukiona namba iko chini sana halafu inaanza kupanda miezi kadhaa mfululizo, uchumi unanyanyuka hata kama mtaani kwako hujaona kitu. Ikiwa juu sana kwa miaka, anza kuuliza nani anakopeshwa na kwa ajili ya nini. Kwenye ripoti hiyohiyo kuna mchanganuo mikopo imekwenda wapi, kilimo, biashara, ujenzi, mikopo binafsi, na huo mchanganuo unafaa kuusoma, kwa mfano kilimo kilipanda kwa kasi baada ya Benki Kuu mwaka 2021 kutoa nafuu kwa benki zinazokopesha wakulima kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Wa pili ni mikopo chechefu. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Ilipokuwa juu ya 10 kwenye 2017 na 2018 ilikuwa usiku wa manane, na kufika mwisho wa 2024 ilikuwa chini ya 4. Usitazame ipo ngapi peke yake, tazama inakwenda wapi. Asilimia 9 inayoshuka ni habari nzuri kuliko asilimia 5 inayopanda.

Wa tatu ni riba ya Benki Kuu. Zamani walitumia riba ya kukopesha benki: Machi 2017 waliishusha kutoka asilimia 16 mpaka 12, Agosti 2017 ikawa 9, Agosti 2018 ikawa 7, Mei 2020 ikawa 5. Tangu Januari 2024 wanatangaza Riba ya Benki Kuu kila robo mwaka, ilianza 5.5, ikapanda 6 Aprili 2024, ikashuka 5.75 Julai 2025. Riba ikishushwa mara mbili tatu mfululizo huku mikopo chechefu iko juu, ujue dawa imeshamezwa, ila inachukua mwaka au zaidi kufanya kazi, usikimbilie kununua siku hiyohiyo.

Sasa hayo ni ya nchi nzima. Lazima ushuke mpaka kwenye kampuni.

Hatua ya 4: Soma taarifa ya robo mwaka ya benki bila kuogopa

Benki zote zinatoa taarifa kila robo mwaka, kwenye magazeti na kwenye tovuti zao. Ni karatasi moja imejaa namba mpaka macho yanauma. Mjomba wangu wa Nanyamba, karani wa chama cha msingi ambaye vitabu vya mizani anavisoma kama anakunywa maji, nilimpa moja akaitazama akasema "mpwa, hii si ni kama makabrasha yetu ya ghala tu, nionyeshe nini kimeingia, nini kimetoka, nini kimeoza". Kiukweli hajakosea, tuifuate hivyohivyo.

Nini kimeingia: mstari wa mapato halisi ya riba, yaani riba waliyopata ukitoa riba waliyolipa wenye amana. Kwenye sehemu ya mapato kuna safu kadhaa, robo hii na robo ileile ya mwaka jana, halafu jumla ya tangu Januari mwaka huu na mwaka jana. Linganisha robo na robo yake ya mwaka jana. Ukilinganisha na robo iliyopita utadanganyika na misimu, maana mwisho wa mwaka hela ya mazao inazunguka kuliko Februari.

Nini kimeoza: mstari wa hela iliyotengwa kufidia mikopo isiyolipika. Huu ndo mstari ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndo unaogeuka wa kwanza. Uchumi unapopoa benki inatenga mabilioni na faida inaporomoka hata kama mapato ya riba hayajashuka. Unapoanza kunyanyuka, hela ya kutenga inapungua, na ile yote iliyokuwa inatengwa inaangukia kwenye faida. Ndo maana faida ya benki inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila mikopo kuongezeka sana, na ndo sababu benki zinatangulia kwenye kunyanyuka.

Kule chini kabisa, karibu na walipoandika idadi ya matawi na wafanyakazi, kuna vipimo, na kimojawapo ni mikopo chechefu kama asilimia ya mikopo yote. Kiandike kwenye daftari kila robo. Ukiwa na robo nne mfululizo zinazoshuka, pamoja na hela ya kutenga inayopungua, benki imegeuka. Robo moja isikupe mzuka, wakati mwingine benki inafuta madeni mabovu vitabuni kwa mkupuo na asilimia inashuka ghafla wakati wateja hawajalipa hata mia. Utaijua kwa sababu asilimia inashuka lakini hela iliyotengwa mwaka huo iko juu bado.

Hatua ya 5: Fuata CRDB kutoka 2015 mpaka 2024

Naichagua CRDB kwa sababu namba zake ziko wazi na mzunguko wote umeonekana ndani ya miaka 10.

Mwaka 2015 kila kitu kilikuwa moto. Mikopo nchini inakua kwa zaidi ya asilimia 20, na CRDB ikauza hisa mpya kwa wanahisa wake kwa Sh 350 moja ili ipate mtaji wa kukopesha zaidi. Kampuni kuomba mtaji mpya wakati kila mtu ana furaha siyo kosa, lakini kwa anayesoma saa ni dalili ya kwamba tuko karibu na kilele.

Kuanzia 2016 hela ilibana. Serikali ilihamisha fedha za taasisi za umma kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, amana zikapungua, wakandarasi na wafanyabiashara wakachelewa kurejesha. Faida baada ya kodi ikashuka mpaka kama bilioni 74 mwaka 2016, halafu kama bilioni 36 mwaka 2017. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, kwa 2017 likawa Sh 5 kwa hisa. Huo ndo ulikuwa mwisho wa shimo kwa upande wa faida, na kumbuka ndo mwaka ambao Benki Kuu ilishusha riba mara mbili.

Mwaka 2018 faida ikawa kama bilioni 64. Mwaka 2019 kama bilioni 120. Sasa hapa ndo patamu, kwa sababu bei ya hisa haikufuata. Mwisho wa 2019 hisa ya CRDB ilikuwa inauzwa chini ya Sh 100 wakati faida ilikuwa imeshaongezeka zaidi ya mara tatu kutoka 2017. Hisa ziko kama bilioni 2.6, kwa hiyo faida kwa hisa moja ilikuwa kama Sh 46, na watu walikuwa wanaiuza kwa Sh 95 hivi, yaani bei ya faida ya miaka miwili tu. Gawio la mwaka ule lilikuwa Sh 17, ukiligawa kwa bei unapata zaidi ya asilimia 17 kabla ya kodi.

Hili ndo nililosema kwetu ni kinyume. Marekani bei inatangulia uchumi kwa sababu maelfu ya watu wanasoma taarifa siku hiyohiyo na kununua. Soko letu lina wanunuzi wachache, na mwenye mzigo mkubwa akitaka kutoka anasukuma bei chini hata kama kampuni inapona, hakuna wa kumpokea. Kwa hiyo aliyesubiri ushahidi, akasoma robo nne, akaona hela ya kutenga inapungua, bado alikuwa na mwaka mzima wa kununua kwa bei ya kutupa. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo kubwa sana, huhitaji kubashiri, unahitaji kusoma tu na kuwa na subira.

Tuweke hela. Chukua mtu wa Masasi mwenye milioni 2 baada ya mnada mwishoni mwa 2019. Kwa bei ya Sh 100 anapata karibu hisa 20,000, tuachie gharama za dalali kidogo ili hesabu iwe rahisi. Gawio la 2019, Sh 17, linampa Sh 340,000, kodi ya asilimia 5 ikikatwa anabaki na 323,000. Magawio yakafuata hivi: 22 kwa 2020, 36 kwa 2021, 45 kwa 2022, 50 kwa 2023, 65 kwa 2024. Hilo la mwisho peke yake kwa hisa 20,000 ni Sh milioni 1.3, baada ya kodi 1,235,000, kwa mtaji wa milioni 2. Mwenzake aliyengoja mpaka mwisho wa 2022, kila mtu anaongelea benki na bei iko maeneo ya Sh 380, kwa milioni 2 ileile alipata hisa kama 5,200, na gawio la 2024 likampa kama 338,000 kabla ya kodi. Hakupata hasara, bei iliendelea kupanda, lakini tofauti unaiona.

Na yule wa 2015 aliyelipa Sh 350? Alikaa mpaka maeneo ya 2022 ndo bei ikarudi pale aliponunulia. Miaka 7. Kampuni ileile, menejimenti inayojua kazi yake, matawi yaleyale, aliingia upande mbaya wa saa tu.

Hatua ya 6: Usiamini sekta bila kuangalia nani anajenga kiwanda

Kitabuni saruji inapaa uchumi ukikua. Kuanzia 2015 mpaka 2019 uchumi wetu ulikuwa unakua kwa asilimia 6 na zaidi, barabara, reli, viwanja, kila mahali zege. Mwenye Simba angetarajia raha. Ila 2015 Dangote akafungua kiwanda hapa Mtwara chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na Tanga wenyewe nao walikuwa wanaongeza tanuru la pili kwa mkopo. Mifuko ikawa mingi kuliko wanunuzi, bei ikashuka, mjenzi wa Mtwara akafurahi na haki yake, Tanga wakaingia kwenye hasara wakiwa na deni mgongoni, na gawio likakauka kwa miaka. Twiga iliyokuwa haina deni kubwa ikavumilia.

Kwa hiyo kwenye saruji kabla hujauliza uchumi unakwendaje, uliza tani ngapi mpya zinakuja ndani ya miaka miwili, na nani ana deni. Habari za viwanda vipya zinatangazwa mapema sana, zinajengwa miaka, huwezi kusema hukujua. Watu wa Msijute na Hiyari waliona malori ya vifaa kabla ya mchambuzi yeyote wa Dar.

Hatua ya 7: Hama kwa hela mpya, acha kuuza na kununua kila mara

Kwa miamala midogo gharama zote za dalali, soko na mamlaka zinakaribia asilimia 2 kununua na karibu 2 nyingine kuuza. Ukihama mara moja kwa mwaka umeshatupa asilimia 4. Watafiti waliopima kuhama sekta kwa data za Marekani za 1948 mpaka 2007 walikuta hata mtu ambaye angejua kila mgeuko kwa usahihi kabisa angepata ziada ya kama asilimia 2.3 tu kwa mwaka kabla ya gharama. Na hakuna anayejua kila mgeuko. Kwa hiyo ile ya kuruka benki kwenda sigara, sigara kwenda saruji kila robo, kwetu hailipi.

Kinacholipa ni hiki. Hela yetu inakuja kwa mwaka mara moja, Oktoba mpaka Januari, basi kila msimu amua hela mpya inakwenda fungu lipi kulingana na mishale. Mikopo imesinyaa na mikopo chechefu inaanza kushuka, hela mpya yote ipeleke benki. Mikopo inakua zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka wa pili au wa tatu na bei zimepanda sana, hela mpya iende kwenye vya matumizi ya kila siku, au hata hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, ambazo kwenye kupoa zinakulipa bila presha. Za zamani ziache zikuletee gawio. Uza tu ukiona mambo mawili kwa pamoja kwenye karatasi ya robo: mikopo chechefu inapanda robo tatu mfululizo na hela ya kutenga inakua kwa kasi kuliko mapato ya riba.

Kuna kikwazo kingine, hisa za kujikinga hazipatikani ovyo. TBL na TCC wauzaji ni wachache, bei ziliganda sehemu moja miaka na miaka, TCC kwenye 17,000 na TBL kwenye 10,900, kwa hiyo bei unayoiona kwenye simu inaweza isiwe bei utakayouzia ukiwa na haraka. Ndo maana hela ya ada ya Januari na hela ya salfa ya Mei na Juni isiguse hisa kabisa. Ukilazimika kuuza kwa haraka soko letu litakunyonga, hata kama ulisoma saa vizuri.

Kwa vitendo: fungua akaunti kwa dalali aliyesajiliwa au kupitia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya soko lenyewe, huhitaji kusafiri Dar. Weka oda kwa bei unayotaka wewe, usiseme "bei yoyote". Gawanya hela mara tatu au nne, Novemba kidogo, Januari kidogo, Machi kidogo baada ya hesabu za mwaka kutoka, maana mikutano ya kupitisha gawio huwa maeneo ya Mei na Juni na lazima jina lako liwe kwenye daftari kabla ya tarehe wanayoitangaza.

Hatua ya 8: Jua lini saa yako inadanganya

Benki zinaongoza kwenye kunyanyuka isipokuwa pale ambapo zenyewe ndo chanzo cha tatizo na mtaji wao umeliwa. Mwaka 2009 Marekani kila mtu alipanda lakini za fedha ziliambulia kama asilimia 17, nyuma sana ya teknolojia, kwa sababu zililazimika kuuza hisa mpya kwa bei ya chini na wenye hisa wa zamani wakapungukiwa. Kwetu zile benki 5 za Januari 2018 hazikunyanyuka na mtu, zilifungwa. Kwa hiyo kwenye karatasi ileile ya robo, kabla ya kusema benki ndogo ni rahisi, tazama kipimo cha mtaji. Kikishuka kila robo na faida ni hasi, hiyo haingojei uchumi unyanyuke, inangoja mnunuzi au msimamizi. Kwenye shimo nunua zile kubwa zinazopata faida hata ndogo, kama bilioni 36 ile ya 2017, hasara ni habari nyingine.

Saa inadanganya pia pale serikali inapobadilisha kanuni: ushuru, tozo, kuhamisha fedha, riba za hati fungani. Aprili 2022 riba ya hati fungani ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 mpaka 12.56, na hela nyingi iliyokuwa imelala kule ikaanza kutafuta pengine pa kwenda. Hayo hayako kwenye mzunguko wowote, unayapata kwa kusoma hotuba ya bajeti ya Juni na matangazo ya Benki Kuu.

Na inadanganya zaidi ukiisomea Mtwara. Oktoba 2024 minada ilifunguka kwa zaidi ya Sh 4,000 na kusini kote kukachangamka, ila aliyetaka kujua kama benki bado zina nafasi alitakiwa kuangalia kwamba riba ilikuwa imepandishwa mpaka 6, mikopo inakua kwa miaka mitatu tayari, mikopo chechefu imeshuka karibu na chini kabisa, na hisa ya CRDB iko kwenye 600 na ushee. Hiyo ilikuwa katikati ya safari kuelekea juu, siyo mwanzo wake, na hela mpya ya msimu ule ilistahili kugawanywa, nusu benki na nusu kwenye vitu tulivu. Msimu unaokuja kabla hela ya mnada haijaingia, pakua ripoti za Benki Kuu za Agosti na Septemba, chukua karatasi za robo ya pili na ya tatu za CRDB na NMB, na uandike mishale yote mitatu kwenye daftari ukilinganisha na mwaka uliopita kabla hujampigia dalali.